Msimfute Mwitikiaji

Nilikwenda Pangani na kinasa sauti mfukoni na daftari mkononi, kuandika beti za nahodha mmoja aliyekwisha kufariki. Mwenyewe hakuziandika. Zilibaki kifuani mwa mjane wake tu, bibi wa umri mkubwa ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ni beti saba. Asubuhi ile nilikaa naye barazani, nikawasha chombo, nikamwomba aghani, kisha nikafanya lile nililodhani kuwa ndiyo adabu ya mtafiti: nikanyamaza. Sikutaka sauti yangu iingie katika rekodi na kuyachafua maneno ya marehemu. Kila alipofika mwisho wa mshororo nilitikisa kichwa kwa heshima na kuandika.

Beti mbili za mwanzo zilipita kwa kusuasua. Ubeti wa tatu ulikwenda hivi:

Bibi: Nimeondoka nyumbani, jua halijadhihiri. (Kimya.) Upo, mjukuu wangu? (Kimya.) Jahazi li bandarini... latungoja... latungoja wasafiri. (Kimya kirefu.) Au nakuchosha?
Mimi: Hapana, bibi. Endelea tu.
Bibi: Mke wangu mlangoni... mlangoni... Basi. Yameniponyoka, mwanangu. Uzee huu.

Hapo tukakoma. Niliporudi kesho yake nilimkuta bibi amekaa na shoga yake wa tangu utotoni, naye anachambua mchele kwenye ungo. Sikumwomba aghani tena. Ni yule shoga aliyemwambia amsomee "zile za mzee", kisha akaendelea na mchele wake. Nikawahi kuwasha kinasa sauti. Ubeti uleule wa tatu:

Bibi: Nimeondoka nyumbani, jua halijadhihiri,
Shoga: Ehee.
Bibi: Jahazi li bandarini, latungoja wasafiri,
Shoga: Mm.
Bibi: Mke wangu mlangoni,
Shoga: Masikini.
Bibi: anificha yake siri,
Shoga: Mm.
Bibi: Nawaachia Manani,
Wote wawili: ndiye mjuzi wa heri.

Beti zote saba zilitoka, na baada yake ukatoka wa nane ambao hakuna aliyeniambia kwamba upo.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilipoketi kunakili rekodi ile, nilimfuta shoga. Nilifuta "ehee" zote, "mm" zote, na ile "masikini". Nikamwachia bibi beti nane safi, zenye vina vyake na mizani yake, nikampelekea mhariri mmoja. Mhariri akanisifu kwa unadhifu wa kazi. Niliposikiliza rekodi tena, miezi mingi baadaye, niliona kwamba nilikuwa nimemfuta mtu ambaye bila yeye ubeti wa tatu usingalikuwapo.

Lugha yetu ina kitenzi cha kazi aliyoifanya shoga yule: kuitikia. Tunaitika tunapoitwa, mwanamume kwa "naam" na mwanamke kwa "abee" au "labeka". Tunaitikia dua kwa "amina". Tunaitikia hadithi: fanani husema "Paukwa", hadhira hujibu "Pakawa", na asipojibiwa haanzi. Wimbo una kiitikio chake. Hata mshororo wa mwisho wa ubeti, ambao wengi huuita kibwagizo, wapo wanaouita kipokeo, yaani mahali pa kupokea. Utaona kwamba katika majina haya yote msikilizaji ana kazi ya kufanya, na anaifanya kwa mdomo. Kwa hiyo hizi sauti ndogo ninazozungumzia nitaziita miitiko, nikimaanisha "mm", "ehee", "naam", "ndiyo", "ahaa", "kumbe", "alaa" na ndugu zao, zinapotamkwa na mtu ambaye zamu ya kusema si yake wala haitaki.

Wanaisimu walichelewa kuzitazama. Kwa muda mrefu mazungumzo yalichorwa kama mchezo wa kupokezana: huyu anasema, yule kanyamaza, kisha wanabadilishana. Mwaka 1970 Mmarekani Victor Yngve alionyesha kwamba picha hiyo ina upungufu. Wakati mmoja anatumia njia kuu ya mazungumzo, mwenzake hakunyamaza. Anamtumia ujumbe mfupi mfupi kwa njia ya nyuma, bila ya kumnyang'anya zamu. Jina hilo la "njia ya nyuma" ndilo lililoshika katika vitabu vya Kiingereza. Mimi silipendi sana, kwa sababu linaifanya kazi ya mwitikiaji ionekane kama ya mlango wa uani. Lakini shukrani zake Yngve anazistahili.

Aliyeliingia jambo lenyewe kwa kina ni Emanuel Schegloff, katika makala yake ya mwaka 1982. Hoja yake ni hii. Kila msemaji anapofika mahali ambapo sentensi ingeweza kwisha, mlango wa zamu hufunguka kidogo. Msikilizaji angeweza kuingia: aulize, abishe, aseme hakusikia, aanze kisa chake. Anaposema "mm" anauona mlango uko wazi na anaupita. Kwa hiyo "mm" ina maana zaidi ya "nasikia". Inasema pia: nimepata nafasi ya kukusimamisha na sikukusimamisha, sina swali hadi hapa, haya, endelea. Sauti isiyo na maana katika kamusi inabeba ahadi kubwa kuliko neno zima.

Fikiria sasa hali ya bibi siku ya kwanza. Mshororo umekwisha, mlango umefunguka, na hakuna aliyeupita wala aliyeuingia. Kichwa changu kilikuwa kinatikisika, lakini yeye haoni. Kwake yeye kimya kile kilikuwa na maana tatu au nne: kijana hakusikia, hakuelewa, amechoka, ameondoka. Mtazame alivyozipima moja baada ya nyingine. "Upo, mjukuu wangu?" ni ya kwanza. "Au nakuchosha?" ni ya pili. Na kila alipopima, akili yake iliacha kutafuta mshororo unaofuata ikaenda kunitafuta mimi. Ubeti hukumbukwa kwa mwendo. Kina cha mshororo mmoja ndicho kinachomvuta mwenzake, na ukisimama kati kuuliza habari za msikilizaji, kamba imekatika.

Najua mtu atasema: huenda siku ya pili alikuwa amelala vizuri, au ile kughani ya jana ilikuwa imemfungua. Huenda. Kisa kimoja hakithibitishi jambo. Ndiyo maana linafaa jaribio lililochapishwa mwaka 2000 na Janet Bavelas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada. Walimkalisha mtu amsimulie mgeni kisa cha hatari iliyomkosakosa. Baadhi ya wasikilizaji waliachwa wasikilize kama kawaida. Wengine walipewa kazi ya siri: wabonyeze kitufe kila msimuliaji anapotamka neno linaloanza kwa herufi "t". Watu hawa walikuwa wanasikiliza kwa makini mno, pengine kuliko wenzao, lakini masikio yao yalikuwa kwenye herufi, kisa kikawapita. Miitiko yao ikapungua, na ile inayolingana na tukio lenyewe, kama kushtuka au kusikitika pamoja na msemaji, ikakaribia kutoweka. Na wasimuliaji, ambao hawakujua lolote kuhusu herufi "t", wakasimulia vibaya. Waliharibikiwa hasa mwishoni. Kisa kilipofika kwenye kilele chake walisitasita, wakarudia walilokwisha kusema, wakaanza kueleza kwa nini hatari ile ilikuwa hatari kweli.

Mimi na daftari langu tulikuwa wabonyeza vitufe. Nilikuwa nahesabu mizani.

Katika jaribio lile mna tofauti ambayo washairi wataitambua upesi. Kuna miitiko ambayo ingeweza kuwekwa popote: "mm", "ehee", "ndiyo". Hii inasukuma chombo mbele tu. Na kuna miitiko ambayo ina mahali pake pamoja: "masikini" ya yule shoga isingefaa baada ya "latungoja wasafiri". Ilingoja mke asimame mlangoni. Tena haikungoja mshororo wote; iliangukia kwenye kina cha kati, baada ya ukwapi na kabla ya utao. Miitiko yake mingine karibu yote iko mwishoni mwa mshororo, na hilo ndilo la kawaida, kwa sababu ukwapi mara nyingi unaacha sentensi ikiwa nusu, na msikilizaji mwema hapiti mlango ambao haujafunguka. Hapa alipita. Aliijua habari iliyokuwa inakuja, akamsikitikia mke kabla ya siri kutajwa. Na mke yule, bila shaka, ndiye bibi mwenyewe aliyekuwa anaghani. Sina njia ya kuingia moyoni mwake nikaona neno lile lilimfanyia nini, lakini ni palepale, baada ya "mlangoni", ambapo jana yake maneno yalimponyoka.

Swali la mahali linastahili subira kidogo. Msikilizaji anajuaje wakati? Hangoji msemaji anyamaze, maana miitiko mingi inatamkwa huku msemaji akiwa bado anasema. Nigel Ward na Wataru Tsukahara walichunguza mazungumzo ya Kijapani na ya Kiingereza, wakaeleza mwaka 2000 kwamba dalili mojawapo kubwa ni kushuka kwa sauti: msemaji akiiteremsha na kuiacha chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwitiko huwa njiani. Kwa Kiswahili sijaona kipimo cha namna hiyo, lakini sikio langu linaniambia tunayo dalili iliyo wazi zaidi. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Msemaji anapofunga wazo, silabi hiyo huivuta, na ile ya mwisho huidondosha chini. "Jua halijadhihiiiri." Katika rekodi yangu, "ehee" ya shoga inaanza kabla "ri" haijamalizika. Wakati huohuo mikono yake haikuacha mchele.

Majirani wengine wa dunia wamelipa jambo hili heshima kuliko sisi. Wajapani wana neno maalumu kwa miitiko, "aizuchi", lililotoka katika ufuaji wa vyuma: ni nyundo ya msaidizi inayopiga kwa kupokezana na ya fundi mkuu juu ya chuma kimoja. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi uko Mali. Katika tenzi za Wamande, za mashujaa na za wawindaji, mghani hasimami peke yake. Yuko mtu ambaye kazi yake iliyotambuliwa ni kumwitikia kila mstari, mara nyingi mwanafunzi anayejifunza kazi hiyohiyo, na neno analolitumia zaidi ni "naamu". Ndiyo, msomaji, ni "naam" yetu. Neno moja la Kiarabu lilivuka jangwa kwenda kwao na likavuka bahari kuja kwetu, na pande zote mbili likawa neno la kumwambia mtu kwamba sauti yake imefika. John William Johnson alipochapisha mwaka 1986 utenzi wa Son-Jara kama ulivyoghaniwa na Fa-Digi Sisoko, aliiweka miitiko hiyo ukurasani, pembeni mwa mistari. Unapousoma unaona upande mmoja hadithi ya mfalme na upande wa pili mtu anayeipokea, na unaona pia mahali ambapo "naamu" zinakuwa nyingi na mahali ambapo zinaadimika.

Sisi je? Chukua mkusanyo wowote wa ngano au tenzi za mdomo ulioko kwenye rafu yako. Utamkuta "Paukwa" na "Pakawa" mwanzoni, kwa kuwa ni desturi yenye jina. Baada ya hapo hadhira inatoweka, hadi itakaporudi mwishoni. Kana kwamba wajukuu wote waliitika "Pakawa" kisha wakapigwa bumbuwazi kwa nusu saa. Aliyewahi kukaa karibu na jiko usiku anajua kwamba si hivyo. Kulikuwa na "ehee", "kumbe", "wacha wee", na yule mtoto mmoja wa kila familia anayeuliza "ikawaje?" kabla ya wakati. Mnukuzi aliyafuta kama mimi nilivyofuta, kwa nia njema kama yangu.

Nimezungumza na mhariri wangu juu ya hili, na hoja zake si za kupuuzwa. Kwanza alisema ukurasa utajaa takataka: beti nane zikifuatwa na "mm" kila mshororo, msomaji atachoka kabla ya ubeti wa tatu. Pili, akasema, shairi ni la nahodha. Shoga hakulitunga, hana haki ya kukaa ndani yake. Hoja ya pili naikubali nusu. Katika diwani, beti za nahodha zikae peke yake, na zimstahili. Lakini kile nilichompelekea hakikuwa diwani. Kilikuwa unukuzi wa tukio la kughani, chenye tarehe na mahali, na tukio lile lilikuwa la watu wawili. Ukimwondoa mmoja umeandika jambo ambalo halikutokea.

Kwa hoja ya kwanza, dawa ni namna ya kuandika. Mwitiko usipewe mstari wake wala jina la msemaji kila mara, kama nilivyofanya hapo juu kwa ajili ya kueleza. Kufanya hivyo kunaukuza kuwa zamu, nao sifa yake ni kwamba si zamu. Uwekwe kwenye mabano ndani ya mstari uleule, palepale ulipoangukia:

Nimeondoka nyumbani, jua halijadhihiri, [ehee]
Jahazi li bandarini, latungoja wasafiri, [mm]
Mke wangu mlangoni, [masikini] anificha yake siri, [mm]
Nawaachia Manani, ndiye mjuzi wa heri. [pamoja]

Jicho linalotaka shairi litayaruka mabano bila taabu, na mizani haijaguswa. Jicho linalotaka tukio litaliona. Na tazama mstari wa mwisho: pale "mm" imekoma na shoga ameingia ndani ya utao wenyewe. Kutoka kuitikia amefika kwenye kupokea. Anayeona jina "kipokeo" katika kitabu cha arudhi bila ya kuona tukio kama hili hawezi kujua kwamba jina hilo lilikuwa maelezo ya kitendo.

Lakini mnukuzi hana ruhusa ya kuandika "mm" kwa kila mguno. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo ninapoomba uangalifu wa washairi wenye masikio. "Mm" ya sauti moja iliyotulia ni endelea. "Mm-mm" iliyokatwa kooni ni hapana. "Mh" fupi, nzito, iliyoshuka, ni shaka: msemaji akiisikia atarudi nyuma kujieleza. "Mmh!" iliyopanda ni mshangao, au ni pilau. Midomo imefumbwa katika zote nne, na maana zote ziko kwenye kupanda na kushuka kwa sauti, jambo ambalo tahajia yetu haikuundwa kulibeba. Anayeandika "mm" kwa zote ameharibu zaidi kuliko aliyefuta.

Na tofauti ya "mm" na "ndiyo" nayo si ndogo. Gail Jefferson, aliyefanya kazi na Schegloff, alionyesha mwaka 1984 kwamba katika Kiingereza anayeitikia kwa mguno wa midomo iliyofumbwa huelekea kubaki msikilizaji, ilhali anayehamia kwenye neno la "ndiyo" la kawaida mara nyingi yuko karibu kuanza kusema yake. Sikiliza barazani utaona jambo hilo linatuhusu. "Mm, mm, mm, ndiyo, ndiyo, sasa mimi..." Mdomo uliofumbwa hauwezi kunyang'anya. Ukifunguka, jiandae. Na kuna "ehe ehe ehe" ya haraka, tatu kwa pumzi moja, ambayo kila mzee anaielewa: maliza, baba, nina safari.

"Ndiyo" ina hatari nyingine, nayo nje ya ushairi ina gharama. Mtu aliyelelewa kumwitikia mkubwa kwa "ndiyo" huitamka kwa maana ya "nakusikia", na anayemsikiliza huipokea kwa maana ya "nakubali". Mzee anaelezwa na daktari juu ya upasuaji, anaitikia "ndiyo... ndiyo... ndiyo" kwa adabu, na mwisho wa maelezo kila mtu chumbani anaamini ameridhia, isipokuwa yeye. Nimeona karani akiandika katika maelezo ya shahidi neno "alikubali" pale ambapo mtu alikuwa anaitikia swali refu lisilokwisha. Karani yule hakukusudia uongo. Hakuwa na alama ya kuonyesha kwamba neno limetamkwa na mtu aliye nje ya zamu. Mabano yangu yangemfaa.

Turudi kwa washairi, maana wapo wanaodhani haya ni mambo ya wazee wa Pangani. Siku hizi tunasomeana mashairi kwa mtandao. Mwenyeji huanza kwa kuwaomba wote wazime vipaza sauti, kwa heshima ya mghani, na mghani anaghani ndani ya kisima. Nimemsikia mshairi hodari, mtu ambaye ukumbini hana mfano, akiharakisha ubeti wa nne na wa tano kama anayekimbizwa, kisha akauliza, "Mnanipata?" Alikuwa anauliza swali la bibi. Mikono na mioyo iliyochorwa ikapanda kwenye kioo, sawa na kichwa changu kilivyotikisika mbele ya mtu asiyeona: mghani macho yake yako kwenye karatasi. Ombi langu kwa wanaoandaa vikao hivyo ni dogo. Waacheni wazi watu wawili au watatu, waliochaguliwa, wenye chumba kimya na sikio zuri, na kazi yao iwe kuitikia. Msiwachague wapiga makelele. Mchagueni yule ambaye anaweza kusema "mm" moja katika ubeti mzima na ikatosha.

Nimeirudisha miitiko yote ya shoga katika unukuzi wangu, kwa mabano, na nimeupeleka upya. Mhariri hajajibu. Lipo bado jambo moja ambalo limenishinda. Katika ubeti wa nane, ule ambao sikuambiwa, nahodha anamtaja mtoto aliyezikwa yeye akiwa safarini. Mwisho wa mshororo ule shoga hasemi "mm" wala "masikini". Anapiga ulimi kwenye meno mara moja, ule mlio tunaoufanya sote msibani, na mchele unaacha kusikika kwenye ungo. Kiswahili hakina herufi ya mlio huo. Kwa sasa nimeandika [anasikitika kwa ulimi], na kila nikiusoma naona ni mrefu mno kwa kitu kilichochukua muda mfupi kuliko silabi. Mwenye njia bora aniandikie.